Jinsi ya kueleza pensheni ndogo ya hiari kwenye kikundi cha akiba cha akina mama wa sokoni

Kila anayetumwa kuzungumza na kikundi cha akina mama wa sokoni kuhusu pensheni ya hiari huuliza yale yale: nianze wapi, niseme kwa muda gani, na hesabu ya miaka 20 nitamwelezaje mtu anayehesabu mauzo ya leo? Mwongozo huu ni kwa ajili yako, uwe afisa wa mfuko, wakala au mwenyekiti wa kikundi. Unahusu mfuko wa aina iliyozoeleka: kila mwanachama ana akaunti yake, anachangia kiasi anachoweza, fedha zinawekezwa, na hakuna kiwango cha pensheni kilichoahidiwa. Atakachopata uzeeni ni alichoweka, kuongeza faida, kutoa ada.

Uwe na nini kabla ya kwenda

Tafuta karatasi ya masharti ya mfuko wenyewe, siyo kipeperushi cha matangazo. Ndani yake tafuta mambo matano na uyapigie mstari: ada zote, kiwango cha chini cha kuchangia, lini na kwa sharti gani fedha hutolewa, nani hulipwa mwanachama akifariki, na namba ya usajili kutoka mamlaka inayosimamia mifuko ya pensheni. Ukikosa hata moja, ahirisha safari. Akina mama watauliza hilo hilo ulilokosa.

Pata pia faida halisi ambayo mfuko umewapa wanachama kwa miaka kadhaa iliyopita, baada ya kutoa ada. Faida ya mwaka mmoja mzuri haifai. Muulize katibu wa kikundi siku ya kukutana, thamani ya hisa moja, na mwezi wanaogawana. Kisha beba vikombe vinne vya kuonyesha ndani na punje za maharage za rangi mbili, nyeupe na nyekundu, zisizopungua 80 kwa kila rangi.

Hatua ya 1: Omba nafasi katikati ya kikao

Wakati mzuri ni baada ya kununua hisa na kabla ya kutoa mikopo. Hisa zikishanunuliwa, kila mtu ametulia, na kwa kuwa mikopo bado, hakuna anayeondoka. Omba dakika 20 na uzitunze. Akina mama hawa wameacha meza zao kwa jirani, na jirani ana wateja wake.

Usiombe kuzungumza siku ya kugawana. Siku hiyo fedha nyingi ziko mkononi, na utaonekana umezifuata hizo.

Hatua ya 2: Anza na kikundi chao, kisha taja pale kinapoishia

Kosa kubwa la wazungumzaji wengi ni kuanza kwa kuonyesha kwamba pensheni ni bora kuliko kikundi. Si kweli, na wao wanajua. Kikundi hukopesha kwa riba ya mwezi, hivyo mgawo wa mwisho wa mwaka unaweza kuwa mnono kuliko faida yoyote ya mfuko. Ukibishana na hilo, umeshindwa kabla ya kutoa maharage.

Sema hivi: “Mama zangu, kikundi hiki kinawafaa kwa mtaji, ada za shule na ugonjwa. Kiendelezeni. Lakini kila mwaka mnavunja na kugawana. Fedha ya mwaka jana iko wapi leo? Imekwenda kwenye kazi yake, na ni sawa. Nimekuja kuzungumzia fedha nyingine, ndogo, ambayo haivunjwi.”

Kugawana kila mwaka ndiko kunakofanya hesabu za kikundi ziwe safi, kwa sababu sanduku likiwa tupu hakuna deni la zamani linalojificha. Ndiko pia kunakozuia akiba kukaa hadi uzeeni. Tena, faida ya kikundi inatoka kwa wanachama wenyewe wanaokopa. Mama akizeeka, akaacha biashara na asikope tena, wenzake nao wakiwa wamezeeka, riba itatoka wapi? Acha swali hilo likae kidogo. Kwa kawaida mama mtu mzima kuliko wote ndiye hulijibu, na jibu lake lina uzito kuliko lako.

Hatua ya 3: Tengeneza mfano mmoja na wao

Usije na mfano uliotengenezwa ofisini. Uliza: “Mama wa miaka 40, siku ya soko la kawaida, anaweza kuweka pembeni kiasi gani bila kugusa mtaji?” Wataanza kwa kutaja kiasi kikubwa, kisha watakosoana hadi wafike kwenye kiasi cha kweli. Kwa mfano wetu tuseme wamefika shilingi 50. Badilisha tarakimu ziendane na sarafu na uwezo wa kikundi chako.

Soko siku 6 ni shilingi 300 kwa wiki. Sasa uliza wiki ngapi kwa mwaka mama hafiki sokoni: kuugua, msiba, mvua, kuuguza. Hesabu wiki 48, siyo 52. Hapo utawaona wakianza kukuamini, maana umehesabu maisha yao yalivyo. Wiki 48 kwa shilingi 300 ni 14,400 kwa mwaka.

Hatua ya 4: Hesabu kwa maharage

Punje moja ni shilingi 10,000. Nyeupe ni alichoweka mama mwenyewe, nyekundu ni faida. Tunachukulia mfuko unabakiza faida ya 6% kwa mwaka baada ya ada. Waambie wazi kuwa 6% ni ya mfano, na kwamba mwaka mmoja inaweza kuwa juu na mwingine chini. Jaza vikombe ukihesabu kwa sauti, au bora zaidi, mwite mama mmoja ajaze:

- Kikombe cha miaka 5: nyeupe 7, nyekundu 1.
- Kikombe cha miaka 10: nyeupe 14, nyekundu 5.
- Kikombe cha miaka 15: nyeupe 22, nyekundu 12.
- Kikombe cha miaka 20: nyeupe 29, nyekundu 24.

Weka vikombe kwa mstari na unyamaze. Nyeupe zinaongezeka saba au nane, kwa mwendo ule ule. Nyekundu zilianza na moja tu, na miaka mitano ya mwisho peke yake imeleta 12. Mtu atauliza kwa nini. Jibu ni fupi: punje nyekundu nazo zinazaa. Hapo ndipo pa kueleza kwamba anayeacha baada ya miaka mitano ameondoka kabla faida haijaanza kuonekana, na kwamba mama wa miaka 30 anaweza kuchangia kidogo kuliko wa miaka 45 na bado akamzidi.

Kwa anayetaka tarakimu kamili, kikombe cha mwisho ni takriban shilingi 529,700, na kati ya hizo 288,000 ni michango yake. Usisome tarakimu hizi kwa kila kikombe. Punje zinatosha.

Hatua ya 5: Waondolee punje

Wazungumzaji wengi huruka hatua hii, nami naona ndiyo inayotofautisha mwelezaji na mchuuzi. Akina mama wa sokoni wanajua kupanda kwa bei kuliko mtu yeyote. Watajiuliza kimya kimya: laki tano za miaka 20 ijayo zitanunua nini? Usisubiri waulize.

Tuseme bei zinapanda 5% kila mwaka. Chukua kikombe cha miaka 20 chenye punje 53, mimina mezani, kisha ondoa 33. Zinabaki 20. Sema: “Fedha ile itanunua vitu ambavyo leo vinanunuliwa kwa punje 20.” Watashtuka, kwa sababu mama ameweka nyeupe 29. Waache washtuke, kisha uonyeshe mambo mawili.

La kwanza, fedha ile ile ikikaa kwenye kibubu bila faida ingekuwa punje 29 zitakazonunua vitu vya punje 11 za leo. Mfuko umeishinda bei kidogo tu, ila mama atanunua vitu karibu mara mbili ya vile vya kibubu.

La pili ndilo muhimu. Shilingi 300 za mwaka wa kwanza zinauma, lakini za mwaka wa 20 hazitauma, maana bei ya bidhaa za mama nayo itakuwa imepanda. Basi apandishe mchango kadiri anavyopandisha bei mezani kwake. Akiongeza 5% kila mwaka, yaani mwaka wa pili aweke 315 kwa wiki, wa tatu 330 na zaidi kidogo, kikombe kitafika karibu punje 80, zenye uwezo wa kununua vitu vya punje 30 za leo. Waombe wachague mwezi mmoja wa kupandisha. Mwezi wa kugawana unafaa, kwa kuwa siku hiyo wanapanga upya thamani ya hisa.

Hatua ya 6: Onyesha makato yanapoingilia

Kuna makato ya aina mbili ya kuwaonyesha. Moja ni la kutuma fedha. Ikiwa kutuma kwa simu kunakata shilingi 5 kila mara, mama anayetuma 50 kila siku anapoteza 30 kwa wiki, yaani sehemu moja ya kumi ya akiba yake. Akijiwekea hadi mwisho wa wiki akatuma 300 mara moja, anapoteza 5 tu. Kwa hiyo akusanye kila siku, atume kila wiki au kila mwezi. Mfuko unaobeba makato hayo wenyewe ni ahueni kubwa. Kama wako unafanya hivyo, sema.

La pili ni ada ya mwaka juu ya salio. Ada ya 2% inaonekana ndogo. Lakini mfuko unaopata 8% ukikata 2%, ndipo tunapopata ile 6% yetu. Bila ada hiyo kikombe cha miaka 20 kingekuwa na punje 66 badala ya 53. Punje 13 ndizo bei ya kusimamiwa. Huduma hailetwi bure, ila mama ana haki ya kujua bei kabla hajanunua. Ukificha, siku moja mtoto wake aliyesoma atamwonyesha.

Hatua ya 7: Eleza kufuli na ufunguo wake

Swali la fedha kufungwa huja kila mara: “Nikiuguliwa, naweza kuitoa?” Soma sharti lilivyo, usilipambe. Mifuko hutofautiana sana hapa. Nigeria, kwa mfano, katika mpango wake wa pensheni ndogo ulioanza 2019, mchango uligawanywa: 40% mchangiaji aliweza kuichukua alipoihitaji, na 60% ilisubiri uzeeni. Kwingine fedha yote hufungwa hadi umri fulani, na kwingine kuna miaka ya chini ya kusubiri.

Vyovyote iwavyo, mwambie mama asianze pensheni kabla hana akiba ya dharura kwenye kikundi, na asianze akiwa na mkopo wa riba ya kila mwezi. Deni linalomla 10% kwa mwezi haliwezi kufukuzwa na faida ya 6% kwa mwaka. Alipe kwanza. Ndiyo, utapoteza waandikishwaji wachache siku hiyo.

Hatua ya 8: Andikisha siku nyingine, mmoja mmoja

Usiandikishe papo hapo na usipokee fedha taslimu. Waachie wiki moja waulizane. Ukirudi, kaa pembeni, mmoja baada ya mwingine, na uangalie mambo haya:

Jina kwenye kitambulisho na jina la laini ya simu yafanane. Akina mama wengi wanatumia laini iliyosajiliwa kwa jina la mume au mtoto. Michango itapokelewa bila tatizo, lakini siku ya kulipwa ndipo mgogoro unapoanza. Laini isajiliwe upya kwanza.

Mrithi aandikwe kwa majina yake kamili na uhusiano, siyo “watoto wangu”. Muulize faraghani, kwa sababu chaguo lake si habari ya kikundi. Vivyo hivyo salio lake lisisomwe kikaoni.

Kila mmoja apate namba yake ya uanachama kwa maandishi. Kikundi kikiamua mweka hazina awatumie wote kwa pamoja, kila mchango uandikwe kwa namba ya mwenyewe, na kila mama apokee ujumbe wa uthibitisho kwenye simu yake. Fedha ikiingia kwa jina la kikundi tu, mfuko hautajua ni ya nani.

Maneno ya kuepuka ukisimama mbele yao

Usiseme “mtapata 6%”. Sema “tukichukulia 6%”. Usiseme serikali imedhamini fedha kama masharti hayasemi hivyo. Kusajiliwa na mamlaka maana yake mfuko unakaguliwa, si kwamba hasara italipwa. Na usiite mchango “hisa”, maana kwao hisa ni kitu kinachogawanywa mwisho wa mwaka. Ukiitumia, mwezi wa kugawana watakuja kudai.

Mambo yakienda mrama

*Wanauliza, “Nitapata ngapi kwa mwezi?”* Katika mfano wetu usiopandishwa, shilingi 529,700 zikilipwa kidogo kidogo kwa miaka 15, na salio likiendelea kupata 6%, ni karibu 4,500 kwa mwezi. Kwa bei za leo ni kama 1,700. Taja zote mbili. Si mshahara, na atahitaji kitu kingine pembeni, iwe shamba, chumba cha kupangisha au watoto.

*Mmoja anasema aliwahi kutapeliwa.* Usijitetee. Mpe namba ya usajili wa mfuko na umwonyeshe namna ya kuithibitisha kwa mamlaka yeye mwenyewe, siyo kupitia kwako. Kama hilo linakukwaza, kagua mfuko uliokutuma.

*Ujumbe wa uthibitisho haukuja.* Mama asitume tena siku hiyo. Atunze ujumbe wa muamala wa simu, asubiri muda ambao mfuko umeuweka, kisha apeleke namba ya muamala kwenye mfuko. Mara nyingi tarakimu moja ya uanachama imekosewa.

*Ujumbe umekuja kwa baadhi tu, mwezi wa pili mfululizo.* Hapo kagua daftari la mweka hazina siku hiyo hiyo mbele ya katibu. Linganisha aliyotoa kila mama na orodha ya miamala iliyotumwa. Kama fedha ilipokelewa na haikutumwa, simamisha utumaji wa pamoja na kila mmoja atume mwenyewe.

*Mama ameacha kuchangia kwa miezi kadhaa.* Uliza masharti yanasemaje juu ya akaunti zilizolala. Mengine yana ada isiyobadilika ambayo hutafuna salio dogo. Kama hakuna adhabu, aanze tena kwa kiasi kidogo kuliko cha mwanzo na asijaribu kufidia miezi iliyopita kwa mkupuo, maana fedha hiyo hutoka kwenye mtaji.

*Mwenyekiti anataka kamisheni kwa kila atakayejiunga.* Mwambie ada yoyote ya wakala itatajwa kikaoni, mbele ya wote, kwa tarakimu. Akikataa itajwe, usiandikishe kwenye kikundi hicho.

*Hakuna aliyejiunga.* Wiki ya pili mwombe katibu akuambie swali moja walilobaki nalo baada ya wewe kuondoka. Lijibu kwa maandishi, na karatasi hiyo iachwe ndani ya sanduku.